Mupishi mwenye hagonjwi: maneno niliyoambia bamama ba restora pa Kadutu

Bamama bengi hawakufika jumamosi sababu ya mvua, na bengine walikuwa sokoni, njo maana waliniomba niandike vile nilisema. Naandika yote sawa vile ilitoka mu kinywa, nimeacha tu picha zenye nilionyesha ku ukuta.

Mama prezida, bamama bangu, badada, na bapapa benye munapika, nawaona pale nyuma, jambo yenu bote.

Mimi nafanya kazi ya labo hapa Bukavu, miaka 17 sasa. Kazi yangu ni kuangalia damu na sele za batu. Haiko kazi ya kuongelea pa meza, lakini leo nitaongea wazi, sababu bote hapa tunapikia batu, na bote hapa tunaenda mu choo.

Nianze na swali. Nani kati yetu alishagonjwa tifoide mu maisha yake? Nyanyua mukono. Eee, munaona? Karibu nusu ya sale. Bon, swali ya pili: kati yenu, nani alirudi ku labo kisha kupona, bapime sele yake, aone kama mikrobe ilitoka kabisa? Nyanyua mukono. Hakuna hata mumoja. Njo pale nataka tusimame leo.

Sababu kupona na kusafika ni vitu mbili tofauti. Homa inaisha, kichwa inaacha kuuma, unarudia kula, unarudia kazi, batu banakuambia "tunashukuru Mungu, umenona." Na ni kweli umepona. Lakini kwa batu bamoja, mikrobe haijatoka. Imetafuta nyumba ndani ya mwili, na nyumba yenyewe ni mufuko wa nyongo, ule mufuko mudogo chini ya ini, upande wa kuume. Kama mule kuna mawe, mikrobe inajibandika juu ya mawe sawa majani ya kijani vile inajibandika ku jiwe ya mutoni, inajifunika na utelezi wake, dawa inapita juu, yenyewe inabaki. Kila mara unakula mafuta, nyongo inamwagika mu tumbo, mikrobe inashuka nayo, inatoka na choo. Wewe hausikii kitu. Haina homa. Haina kuhara. Unaweza beba vile mwaka, miaka 10, miaka 30.

Beko bangapi? Kati ya batu 100 benye waligonjwa tifoide, kati ya mumoja na batano banabaki nayo kupita mwaka. Na bamama ni bengi kuliko bapapa, zaidi bamama ba umri, sababu sisi njo tunapata mawe ya nyongo mingi. Nani anapika mu restora zetu? Bamama ba umri. Munaona sasa kwa nini niliomba kuongea na ninyi na haiko na batu ba garage.

Tena musikie hii vizuri, sababu itatusaidia mbele: hii mikrobe inakaa mu mutu tu. Haikai mu mbuzi, haikai mu kuku, haikai mu ngombe. Ukiona tifoide imetokea fasi, ujue kuko mutu imetoka kwake. Na inatoka kwa njia ya choo, mara kidogo ku mukojo. Haitoki mu jasho. Haitoki mu kikohozi. Unaweza kaa naye, kulala naye chumba moja, kumupa mukono kanisani. Mama mwenye anaibeba haiko sumu. Kitu yenye inahesabika ni safari moja tu: kutoka choo, kupita ku vidole, kufika ku chakula. Tukikata ile safari, tumemaliza.

Ngoja niwapashe habari ya mupishi mumoja wa zamani, yenye ilifundisha dunia yote.

Aliitwa Mary Mallon. Alizaliwa Irlandi mwaka 1869, akaenda Marekani akiwa kijana, akakuwa mupishi wa matajiri ba New York. Alikuwa anajua kupika kweli, walikuwa wanamulipa vizuri. Mwaka 1906, mu kipindi yao ya joto, familia ya mukubwa wa banki moja ilipangisha nyumba pa Oyster Bay, pembeni ya bahari. Ndani ya nyumba batu 11. Tarehe 27 ya mwezi wa 8 mutoto wao akapata homa. Kisha mwingine, kisha mwingine, mpaka batu sita kati ya ile 11. Tifoide. Mwenye nyumba akaogopa hatapata tena wa kupangisha, akaita ingenieri wa mambo ya usafi, George Soper.

Soper alipima mai: safi. Aliangalia choo: hakuna kosa. Maziwa: safi. Alifikiria labda ni wale wadudu ba bahari benye maganda benye walikuwa wanakula, lakini batu bengine ba pale walikuwa wanakula ile ile na hawakugonjwa. Basi akauliza swali ya akili: nani aliingia mu hii nyumba mbele ya ugonjwa? Bakamuambia, tulibadilisha mupishi. Lini? Tarehe 4 ya mwezi wa 8. Muhesabu na mimi: kutoka tarehe 4 mpaka tarehe 27, siku 23. Na tifoide, tangu umeimeza mpaka homa ianze, inachukua kawaida wiki moja mpaka wiki tatu, mara zingine mwezi muzima. Inaingiana kabisa.

Lakini kulikuwa kitu yenye ilimusumbua. Chakula ya mupishi inapita ku moto, na moto unaua hii mikrobe. Sasa ilipita wapi? Akauliza kama kulikuwa kitu Mary alikuwa anatengeneza bila moto. Bakasema ndiyo, siku ya mungu alikuwa anawafanyia kreme ya barafu, na ndani anakatia matunda mabichi yenye inaitwa pesh, na mikono yake. Bamama, munasikia? Haikuwa mchuzi. Haikuwa nyama. Ilikuwa kitu ya mwisho, yenye vidole viligusa na hakuna moto ilifuata.

Soper akafuata kazi zake za nyuma. Alipata familia saba zenye alipitia na tifoide ikafuata, batu 22, mumoja alikufa. Akaenda kumuona Mary mwaka 1907, akamuomba sele, mukojo na damu. Mary akachukua ile kanya kubwa ya kukatia nyama, akamufukuza. Na mimi namuelewa. Mujiweke fasi yake: uko muzima, hauumwi hata kucha, mwanaume mwenye haujui anakuja mu jikoni yenye unafanyia kazi, anakuambia wewe njo unaua batu na mavi yako. Ungefanya nini?

Walimukamata na polisi, walimuweka ku kisiwa, mu hospitali ya bagonjwa ba kuambukiza. Pale walikuwa wanapima sele yake kila mara. Mara 163. Na sasa njo fasi yangu, fasi ya labo, naomba mufungue masikio: kati ya ile 163, mikrobe ilionekana mara 120. Mara 43 haikuonekana. Mutu ule ule, tumbo ile ile. Mikrobe inatoka leo, kesho haitoki, kesho kutwa inatoka tena. Kwa hiyo mutu mwenye anapima mara moja, bakamuambia "hauna kitu", anaweza kuwa ameangukia mu zile 43. Ekzame moja haitoshi. Narudilia: ekzame moja haitoshi.

Walimuachilia mwaka 1910, akaahidi hatapika tena. Walimutafutia kazi ya kufua nguo. Lakini kufua ililipa kidogo kuliko kupika, na hakuna mutu alimueleza vizuri, mupaka akaamini, ginsi gani mutu muzima anaweza beba ugonjwa. Akabadilisha jina, akajiita Mary Brown, akarudi ku sufuria. Mwaka 1915 tifoide ikaingia mu hospitali moja ya bamama ba kuzaa pa New York: batu 25, bawili walikufa. Mupishi alikuwa nani? Walimurudisha ku kisiwa mpaka alikufa mwaka 1938. Ukiunganisha yote, miaka 26 ya kufungiwa. Na wakati ule pa New York kulikuwa batu bengine bengi benye wanajulikana wanabeba, na hawakufungiwa sawa yeye. Ile inaniuma kila mara naielezea. Alikosa, ndiyo, batu walikufa, ndiyo. Lakini walimunyanganya kazi bila kumupa kazi ingine ya kweli, na mutu mwenye ananyanganywa mukate anajificha. Wale benye muko na bapishi chini yenu, ile muishike, nitarudia ku ile.

Sasa tuache New York, turudi nyumbani.

Kuko mama mumoja wa hapa Bukavu, mupishi. Alinipa ruhusa nieleze bila jina lake. Alikuwa anapikia restora kidogo pembeni ya shantie, bajenga njo walikuwa bakiliya bake, kila midi. Mu wiki mbili, batu batano ba ile shantie walipata homa yenye haishuki, na kichwa, na tumbo kufunga. Bawili walifikia ku labo yetu, tulichukua damu yao tukaotesha, ni kusema tukaiweka fasi yenye mikrobe inaweza kuota mpaka ionekane, na mikrobe ya tifoide ikatoka. Ilikuwa kweli, haikuwa ile tifoide ya kubahatisha.

Kitu ya kwanza kila mutu alisema: ni mai. Na pa Bukavu ukisema mai, mara mingi haukosei. Lakini tuliuliza kila mumoja anaishi wapi na anachota wapi. Mumoja Panzi, mwingine Bagira, mwingine huku Kadutu, mai tofauti, nyumba tofauti. Fasi yenye wanakutana ni shantie, na pa shantie wote wanakunywa mu pipa moja, lakini bajenga walikuwa karibu 30 na bagonjwa ni batano. Kama ni pipa, kwa nini hawa tu?

Tukauliza chakula. Bugali na maharagi, kila mutu alikula. Sombe, karibu kila mutu. Lakini kulikuwa kitu ya kuongeza yenye unalipia mbali: saladi ya viazi, na karoti, na kitunguu, na mayoneze. Siyo bote walikuwa wanainunua. Kati ya bagonjwa batano, bane walikuwa bakiliya ba saladi. Wa tano hakuwa anakula ile restora hata siku moja, na mpaka leo nafikiri yeye aliipata kwa mai ya kwao. Vile njo mambo inakuwaka, haikuje yote safi sawa mu kitabu.

Tukaenda kuona ginsi saladi inatengenezwa. Mama mwenyewe alitufungulia mulango, alitupa viti, hakuchukua kanya! Viazi zinatokota asubui, vizuri, mikrobe yote inakufa. Zinamwagwa mu besani zipoe. Kisha anazimenya na vidole, anazikata ndani ya mukono, anachanganya na mukono "sababu kijiko inaponda." Saa mbili asubui saladi iko tayari. Anaifunika na plastiki, anaiweka ku kibao pembeni ya mbabula, joto kidogo, mpaka saa sita na nusu bakiliya wakuje. Choo ya plot iko nyuma. Mai ya kunawa ilikuwa besani moja, bote wananawia ndani, na sabuni ilikuwa ndani ya nyumba.

Tuhesabu pamoja. Tuseme vidole viliweka mikrobe 1,000 tu mu saladi. Ni kidogo sana, jicho haioni, pua haisikii. Mu chakula yenye iko na joto sawa ya mwili, hii mikrobe inaweza jizidisha mara mbili karibu kila nusu saa. Kisha saa moja, 4,000. Masaa mbili, 16,000. Masaa tatu, 64,000. Masaa ine, zaidi ya laki mbili na nusu. Bakiliya wakuje saa sita na nusu, iko karibu nusu milioni. Na saladi iko na harufu yake nzuri, ladha yake nzuri, haijaharibika. Hii mikrobe haiozeshi chakula, haikupatie alama.

Kwa nini hesabu inahusu? Sababu mu miaka ya 1960, Marekani, mu Maryland, kulikuwa batu benye walijitolea kumeza hii mikrobe kwa kipimo, madaktari waone inaomba ngapi. Benye walimeza 1,000 hawakugonjwa. Benye walimeza 100,000, karibu robo yao waligonjwa. Benye walimeza milioni 10, nusu. Musinielewe vibaya, 1,000 haiko ruhusa, ile walikuwa bavijana bazima na hawakuwa bengi, mutu dhaifu ao mwenye anakunywa dawa ya kupunguza asidi ya tumbo anaweza gonjwa na kidogo zaidi. Lakini munaona kitu? Vidole njo vilianza, wakati njo ulimaliza. Mikono chafu na chakula ya kuliwa mara moja, hatari kidogo. Mikono chafu na masaa ine pembeni ya mbabula, batu bane ku kitanda.

Tukamuomba mama sele. Ya kwanza: hakuna kitu. Unakumbuka 43? Ya pili, kisha siku tatu: mikrobe ikaota. Alinyamaza, kisha akaniuliza polepole, "Ni mimi?" Nikamuambia, mama, haiko wewe, ni kitu yenye ulibeba bila kujua. Aligonjwa tifoide miaka tisa nyuma, akapona, akasahau. Na kila mara alikuwa anakula mafuta, upande wa kuume chini ya mbavu ulikuwa unamuuma, alifikiri ni vidonda vya tumbo. Ekografi ikaonyesha mawe mu mufuko wa nyongo.

Sasa bamama, kitu ya kufanya. Sitawapa orodha ndefu, sababu orodha ndefu inabaki ku karatasi. Nitawapa neno moja tu: baada ya moto. Kila kitu yenye unagusa MBELE ya moto, moto itakusamehe. Kumenya viazi mbichi, kutwanga sombe, kuosha sambaza, kuchagua maharagi. Kitu yenye unagusa BAADA ya moto, ao yenye haitaona moto hata, hakuna mwenye atakusamehe. Mu jikoni yako, tazama kila sahani, jiulize: mukono yangu ilifika hapa mbele ya moto ao baada ya moto? Saladi, baada. Avoka ya kukata, baada. Pilipili mbichi ya kusaga, baada. Nanasi, maji ya marakuja, barafu, baada. Na kuko zenye zinajificha: sambaza zimekaangwa vizuri, kisha unahesabu na vidole "tano tano" kwa kila sahani. Bugali imeiva, kisha unalowesha kiganja unailainisha juu ili ingae. Kopo unalichovya mu ndoo ya mai ya kunywa, vidole ndani. Zote zile ni baada ya moto.

Pale, vidole vitoke. Kijiko ifanye, kanya ifanye, koleo ya kukaangia ifanye. Sambaza hesabu na koleo. Bugali lainisha na sahani ao na bakuli yenye imelowa. Kopo iwe na mukono murefu, ao ndoo iwe na robine. Mutaniuliza gan za plastiki? Zinasaidia kama unazivaa kisha kunawa, na unazibadilisha. Gan yenye imepokea franka, imefunga mulango, imepanguza jasho, ni kidole tu yenye imevaa nguo.

Na kunawa. Hapa nitakaa kidogo, sababu kila mutu anasema "mimi nanawa." Unanawa ginsi gani? Mai itembee, isisimame mu besani, sababu besani ya bote inabeba ya bote. Sabuni yoyote, hata kipande ya kufulia, ni sawa, sabuni haiuwi sana mikrobe, inaiachanisha na ngozi na mafuta, kisha mai inaibeba. Kwa hiyo sugua, hesabu polepole mpaka 20: viganja, mugongo ya mikono, kati ya vidole, kidole gumba yenye kila mutu anasahau, na ncha za kucha ndani ya kiganja. Kucha zikatwe, pete itoke. Kisha usipanguze ku kikwembe, usipanguze ku torsho yenye imepanguza meza, acha mikono ikauke na hewa. Ile dawa ya alkoli ya kupaka, ku mikono yenye mafuta ya jikoni haifanyi kazi vizuri, musiitegemee.

Kuko mutego moja. Robine unaifungua na mukono chafu, unanawa, unaifunga na mukono safi, umerudisha ile ulitoa. Njo maana napenda bidoni ya kukanyaga. Bidoni ya litri 5, na musumari ya moto utoboe tundu kidogo chini kidogo ya mufuniko, upitishe fimbo mu mukono ya bidoni uitundike, ufunge kamba ku shingo yake mpaka ku kijiti ya chini, ukikanyaga bidoni inainama, mai inatoka, ukiachilia inasimama. Sabuni itobolewe, ining'inie ku kamba pembeni. Haikulipishi. Weka mbili: moja pa kutoka choo, ingine pa mulango ya jikoni. Sababu gani mbili? Sababu kati ya choo na jikoni kuko mulango, kuko simu, kuko mutoto mwenye anakushika. Mutu anawe pa choo, na anawe tena mbele hajagusa kitu ya baada ya moto. Ile ya pili njo inaokoa, tena bakiliya wanaiona.

Na wakati. Saladi itengenezwe karibu na saa ya kula, kidogo kidogo, yenye imekaa inje masaa mbili usiipeleke mbele. Yenye ni ya moto ibaki moto ya kutoa mvuke, ile yenye hauwezi acha kidole ndani. Maharagi ya jana siyo kupasha uvuguvugu, ni kutokotesha, koroga mpaka katikati itokote nayo.

Kuko swali najua itakuja, acha niijibu: Widal. Bengi mutanionyesha karatasi ya Widal. Bamama, Widal inatazama damu, inatafuta alama zenye mwili uliacha kisha kupigana. Inaweza kuwa ya zamani, inaweza kuwa ya ugonjwa ingine. Haiwezi kukuambia kama unabeba leo. Mwenye anataka kujua anabeba, bapime sele, na wasitazame tu na mikroskopi, waioteshe. Uliza labo mbele ya kulipa: munaotesha? Kama hawaoteshi, watakuelekeza hospitali yenye inaotesha. Na isiwe wakati unakunywa antibiotiki, sababu dawa itaficha. Ili waseme umesafika, wanaomba sele tatu za kufuatana, siku tofauti, dawa imeshaisha siku mbili ao zaidi, zote tatu ziwe safi.

Na dawa iko. Kama mikrobe ya mutu inasikia sipro, daktari anaweza mupa wiki ine nzima, haiko siku tano, na bengi banasafika. Lakini mikrobe zingine zilishazoea dawa, njo maana lazima daktari aone kwanza labo inasema nini, musiende kununua farmasi kwa kukisia. Na mwenye iko na mawe, mara mingi inarudia. Ile mama yetu alimaliza wiki ine, akawa safi, kisha miezi tatu ikaonekana tena. Walimupasua, walitoa mufuko wa nyongo na mawe yake.

Mama moja hapa mbele amenyanyua mukono. Uliza, mama.

(Aliuliza: "Dada, kama nikipata mupishi wangu anabeba, nimufukuze?")

Asante mama, ile njo swali yenyewe. Hapana. Ukimufukuza, atafanya nini? Atabadilisha jina, ataenda restora ya pili, na kule hawajui. Na bapishi bako bengine wakiona vile, nani atakubali kupima tena? Mubadilishie kazi. Muweke mbele ya moto: anunue sokoni, amenye viazi, atwange sombe, achochee mbabula, ashike makuta. Asiguse saladi, asipakue, asishike sahani zenye zimekuwa safi, mpaka sele tatu zitoke safi. Na malipo isishuke. Nasema malipo isishuke! Patron wa ile mama alifanya vile, miezi karibu nane, mama alikuwa anachagua maharagi na kupokea makuta, na mushahara ule ule. Njo maana hakujificha. Njo maana alirudi kila mara nilimuita.

(Mwingine akauliza juu ya chanjo.) Iko, na inasaidia mutu asipate tifoide, lakini mwenye alishabeba haimutolei kitu. Ile ni mambo mbili.

Nimalize, naona mvua inatulia. Kisha operasio tulipima ile mama sele tatu. Safi, safi, safi. Tukangoja mwezi tukarudilia, safi. Leo kuko bamama sita benye walipika chakula yenye tutakula sasa, na yeye mwenyewe aliniomba niseme: mumoja kati ya ile sita ni yeye. Musigeuke kumutafuta. Saladi iko, imetengenezwa wakati mimi naongea, na kanya, haiko na mukono. Bidoni mbili ziko pa mulango, kijiti ya kukanyaga ya kushoto ni ngumu kidogo, kanyaga na kisigino.